Fulana za Uzinduzi Zisiishie Kuwa Matambara

Imekuwa desturi katika visiwa vyetu kwamba bidhaa mpya haizinduliwi bila ya fulana. Siku ya sherehe wahusika wote hujipanga wakiwa katika sare, hotuba hutolewa, picha hupigwa, na jioni kila mmoja hurejea kwake na fulana yake. Baada ya wiki mbili fulana hizo huonekana tena, lakini si mwilini mwa mtu. Moja inafutia mashine ya boti, nyingine imekuwa tambara la kudekia, na ya tatu imeziba tundu la dirisha. Fedha zilizozinunua, ambazo mara nyingi ni za umma au za wanaushirika wenye kipato kidogo, zimeitangaza bidhaa kwa muda wa saa tatu tu.

Sisi hatusemi fulana ziachwe. Tunalosema ni kwamba kazi ya fulana huanza siku ya pili. Siku ya uzinduzi waliohudhuria wote wanaijua bidhaa, kwani wameitwa kwa ajili yake. Anayehitaji kuambiwa ni yule asiyekuwapo: abiria ndani ya daladala, mwenye duka wa Chake Chake, mnunuzi wa Darajani. Kwa hiyo kipimo ni kimoja. Je, aliyepewa fulana hii ataivaa kwa hiari yake mwenyewe pasipokuwa na sherehe?

Tuchukue mfano wa kikundi cha akina mama wanaolima mwani katika pwani ya mashariki ya Unguja, ambako kilimo hicho kilianza kibiashara mwaka 1989. Wametengeneza sabuni ya mwani na wanataka kuizindua. Watu 40 watasimama mezani, kugawa vipande vya kujaribia na kupokea wageni. Kamati inakaa, na kila mjumbe anaongeza neno lake. Mbele yaandikwe “Uzinduzi Rasmi”, pamoja na tarehe na cheo cha mgeni wa heshima. Mgongoni zipangwe nembo za wafadhili watano. Fulana hiyo imekufa kabla ya kuchapwa. Tarehe ikishapita, mvaaji anakuwa kama mtu aliyebandikwa tangazo la mkutano wa mwaka jana, wala hakuna apendaye kubeba mgongoni orodha ya ofisi.

Mambo hayo yana mahali pake. Tarehe, vyeo na nembo za wafadhili viandikwe kwenye bango la kitambaa nyuma ya jukwaa, ambako ndiko picha zitakakopigwa. Ikiwa mfadhili hakubali kabisa kukosekana, nembo yake iwekwe kwenye mkono wa fulana, kwa rangi moja, isizidi upana wa vidole vitatu.

Sasa fulana yenyewe iseme nini? Hapa hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mwalimu. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Mwanamke hainunui kanga ili amtangazie biashara mwenye duka. Anainunua kwa sababu maneno yale anayataka yeye, na jina la mchapishaji limekaa ukingoni kwa herufi ndogo. Fulana ifuate njia hiyo hiyo. Kifuani kuwe na maneno ambayo mkulima wa mwani angependa kuyasema mwenyewe, kama vile “Bahari ndiyo konde letu”, au mchoro mzuri wa mwani. Chini yake, kwa herufi ndogo zinazosomeka hatua tatu au nne, liandikwe jina la sabuni pamoja na maneno mawili, “sabuni ya mwani”. Maneno hayo mawili yasisahauliwe, kwa maana jina geni peke yake halimwambii mpita njia kama ni sabuni au ni boti.

Kisha kuna uchapaji. Katika uchapaji wa skrini kila rangi huhitaji skrini yake, hivyo mchoro wa rangi moja ni nafuu kuliko wa rangi nne, na mara nyingi hupendeza zaidi. Bamba kubwa la wino mzito kifuani halipitishi hewa, na katika joto letu mvaaji hutota jasho. Afadhali mchoro wa mistari wenye nafasi katikati. Wino wa plastiki nao usipopata joto la kutosha, kiasi cha nyuzi 160, hupasuka na kubanduka baada ya kufuliwa mara chache. Dalili yake huonekana mapema: vuta kitambaa taratibu mahali palipochapwa, wino ukikatika nyufa, haukuiva. Kazi hiyo irejeshwe kabla ya malipo ya mwisho.

Kitambaa nacho kijaribiwe kwanza. Ichukuliwe fulana moja ya mfano, ipigwe mstari wa sentimita 50 kwa urefu, ifuliwe, ianikwe juani, kisha ipimwe tena. Mstari ukirudi sentimita 47, fulana hiyo baada ya mifuo kadhaa itamfaa mdogo wake mvaaji. Ikishikwa mbele ya dirisha na vidole vikaonekana upande wa pili, hiyo ni nyepesi mno, na akina mama hawataivaa. Wao waulizwe pia kuhusu mikono na urefu, kwani wengi watataka mikono mirefu na fulana inayopita nyonga. Vipimo vya watu wote 40 viandikwe jina kwa jina kabla ya kuagiza. Tabia ya kuagiza kubwa tupu, “ili zimtoshe kila mtu”, humfanya kila mtu akose inayomkaa.

Jambo la rangi nalo ni zito kwetu. Kijani na njano hapa husomwa kuwa ni CCM, na zambarau kuwa ni ACT-Wazalendo, hata kama mwagizaji hakukusudia. Mwenye kuuza sabuni anataka kuwauzia wote, na fulana yenye rangi ya chama nusu ya watu hawataivaa. Nyeupe huonyesha mwili na hushika madoa. Buluu iliyokoza au rangi ya udongo ingefaa zaidi.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni gharama. Natuhesabu pamoja. Fulana 60 nyepesi kwa shilingi 8,000 kila moja ni shilingi 480,000. Fulana 40 nzuri kwa shilingi 12,000 kila moja ni shilingi 480,000 zile zile. Ile ya kwanza ikivaliwa siku moja, tangazo la siku hiyo limegharimu shilingi 8,000. Ya pili ikivaliwa mara 50 tu, kila siku imegharimu shilingi 240. Kinachopungua ni zile 20 za kugawia wageni, ambao aghalabu wana kabati zilizojaa fulana za namna hiyo.

Fulana nzuri haiwezi kuuza sabuni mbaya, wala sabuni isiyofika dukani. Lakini sabuni nzuri ya akina mama wasio na fedha za kulipia matangazo ya redio haina mtangazaji mwingine isipokuwa mavazi ya watu wake. Kwa hiyo tunawaomba maofisa wanaoidhinisha maagizo haya waache kuuliza nembo yao itakaa wapi. Waulize badala yake fulana ya mfano iko wapi, imefuliwa mara ngapi, na nani miongoni mwa wavaaji ameikubali.