Anayekusifia Mswada Wote Hajausoma

Mwezi uliopita, pale Tandika, jirani mmoja aliniambia mbele ya watu kwamba nimemwonea wivu rafiki yangu. Rafiki huyo ameandika riwaya, akanipa mswada niusome kabla hajaupeleka popote. Niliusoma, nikamwandikia barua ya kurasa nne. Ndani yake kulikuwa na sifa, na kulikuwa na matatizo matatu. Jirani alisikia habari za matatizo tu. "Rafiki wa kweli anamtia mwenzake moyo," alisema. "Makosa atayaona mhariri."

Imani hiyo nimeikuta Temeke nzima, kuanzia Keko hadi Mbagala, na inaua vitabu vingi. Huyo mhariri anayesubiriwa mara nyingi hayupo. Waandishi wetu wengi huchanga fedha zao wenyewe na kwenda moja kwa moja kwa mwenye mashine ya kuchapa, ambaye kazi yake ni kuchapa alicholetewa. Wengine hupeleka mswada kwenye Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Jaji wa tuzo husoma ili achague. Hana muda wa kukaa na mwandishi mmoja mmoja kumweleza ni ukurasa gani uliomchosha. Rafiki ndiye anayeusoma mswada wakati bado unarekebishika. Naye akinyamaza, tatizo litaonwa na mnunuzi, na huyo haandiki barua. Anafunga kitabu tu.

Barua yenyewe ilikuwa hivi.

Riwaya ya rafiki yangu inahusu mabomu ya Mbagala. Tarehe 29 Aprili 2009, ghala la silaha katika kambi ya jeshi ya Mbagala Kizuiani lililipuka mchana. Watu zaidi ya 20 walikufa, nyumba nyingi zilibomoka, na watoto wengi wakapotezana na wazazi wao katika kukimbia. Mhusika wake mkuu ni mtoto wa miaka tisa anayepotea siku hiyo, huku mama yake akimtafuta.

Nilianza na sifa, na kila sifa niliipa ukurasa wake. Ukurasa wa 63, mama anahesabu watoto uani, anapata wanne badala ya watano. Halii. Anahesabu tena, safari hii akimgusa kila mmoja kichwani. Nilimwandikia: "Hapa niliacha kusoma nikaenda kuangalia wanangu walikolala. Usiuguse ukurasa huu." Ukurasa wa 71, konda anakataa nauli ya mama kwa kusema tu, "Panda, mama, panda." Hapo pia nilisema usiguse.

Wengi hudhani sifa ni sukari ya kulainishia dawa. Kumbe sifa ina kazi yake. Mwandishi anapoanza kurekebisha, mkono wake hukata hovyo, na mara nyingi hukata kilicho bora kwa sababu hajui kuwa ni bora. "Kitabu kizuri sana, hongera" hakimlindi chochote. Sifa yenye namba ya ukurasa inamwonyesha nguzo za nyumba, ili akibomoa ukuta asibomoe na nguzo.

Kisha nikataja matatizo.

La kwanza: riwaya inachelewa kuanza. Bomu la kwanza linalipuka ukurasa wa 41. Kurasa 40 za mwanzo zinasimulia ukoo wa mama, tangu babu zake walipotoka Rufiji. Sikumwambia "mwanzo unachosha", maana hiyo ni hukumu isiyo na ushahidi. Nilimwambia lililonipata: "Nilikiweka chini ukurasa wa 14, nikakiweka tena ukurasa wa 27. Baada ya ukurasa wa 41 sikukiweka tena." Mwandishi anaweza kubishana na maoni yangu, lakini hawezi kubishana na mahali niliposimama.

La pili lilikuwa kubwa kuliko yote. Tangu mwanzo tunaona mambo kwa macho ya mama, tunajua anachojua yeye tu, na hofu yake inakuwa yetu. Ghafla, ukurasa wa 88, msimulizi anaingia kichwani mwa mzee mmoja wa Mtoni, naye anatuambia kwamba mtoto yuko kwake, amelala, ameshiba uji. Ni kurasa mbili tu, tena zimeandikwa vizuri. Lakini kuanzia hapo hadi ukurasa wa 150 mama anahangaika kutafuta jibu ambalo sisi tumeshapewa. Nilianza kuruka aya bila kujua sababu. Ilinibidi nirudi nyuma kutafuta uzi ulikatikia wapi, na ulikuwa umekatikia pale. Rafiki yangu alidhani tatizo la sehemu ya kati ni urefu. Angepunguza kurasa 30 na ugonjwa ungebaki palepale.

La tatu: sura ya mwisho ni hotuba. Kurasa 12, bibi anakusanya wajukuu na kueleza maana ya yote yaliyotokea. Najua fasihi yetu inathamini funzo, nami silipingi. Lakini funzo lile lilikwisha kutolewa ukurasa wa 63, kwa mkono wa mama kichwani mwa watoto.

Nilikuwa nimeona makosa mengine mengi. Kwa mfano, mjomba anavuka kwenda Kigamboni kwa daraja, wakati daraja lilifunguliwa 2016. Mwaka 2009 watu walivuka kwa pantoni. Makosa ya aina hiyo niliyaandika kwenye karatasi nyingine. Hayo hurekebishwa kwa mstari mmoja. Ukiyachanganya na matatizo makubwa, mwandishi atasahihisha daraja, ajione amemaliza kazi, na uzi ubaki umekatika. Ndiyo maana nilitaja matatu tu. Mtu akipewa thelathini hajui aanzie wapi.

Wala sikumwandikia namna ya kuyatatua. Msomaji anajua panapouma. Tiba ni ya mwenye kitabu. Rafiki yangu alikaa kimya siku kumi na moja, kisha akaja nyumbani. Sura ya mzee wa Mtoni ameihamishia mwishoni. Habari za ukoo amezigawa humo ndani. Hotuba ya bibi amekataa kuifuta: ameibakiza kurasa mbili, kwa sababu, alisema, bibi wa Kirufiji hawezi kunyamaza siku kama ile. Nimekubali, maana kitabu ni chake.

Wapo wanaosema ukosoaji wa namna hii ni desturi ya kigeni. Hawaijui historia yao. Gazeti la Mambo Leo lilianza 1923, na katika kurasa za mashairi za magazeti yetu malenga walijibizana hadharani kwa miongo mingi, wakisahihishana vina na mizani kwa majina yao. Mshairi hakuona haya kukosolewa, kwani kujibiwa kulionyesha kuwa amesomwa. Na wazee walishatuonya kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Basi mtu akikupa mswada wake, usimrudishie pongezi. Mrudishie kurasa: zipi asiziguse, wapi uliweka kitabu chini, wapi uliacha kuamini. Kama huna namba hata moja ya kumtajia, mwambie ukweli kwamba hujausoma, umpe nafasi atafute msomaji mwingine.