Neno la Mhariri: Kilio Kije Mapema

Msomaji wetu mmoja wa Kimuka, mama mfugaji ambaye watoto wake wamekwisha kumaliza shule, ametuletea ombi lililozua ubishi mezani petu kuliko makala yoyote ya toleo hili. Anapenda riwaya za Kiswahili na huzisoma usiku, mifugo ikishalala. Ila amechoka kufunga kitabu akiwa na donge kooni. Ukame wa 2022 ulimwachia mizoga ya kutosha bomani, hataki kufuata msichana wa kitabuni kurasa mia mbili ili mwishowe amwone anajiua. Hataki pia vile visa vyepesi vya mapenzi vya kupoteza muda kwenye matatu ya Ngong. "Nataka kitabu kinilize," aliandika, "halafu kinipanguse machozi."

Mwenzetu mmoja, mwalimu wa fasihi, alisema mama huyu anaomba kudanganywa. Maisha hayapangusi mtu machozi, akasema, na mwandishi anayefanya hivyo anauza peremende. Hoja hiyo naifahamu, maana ndiyo tuliyolelewa nayo darasani. Tangu Euphrase Kezilahabi atoe Rosa Mistika mwaka 1971, kisha Kichwamaji mwaka 1974 na Dunia Uwanja wa Fujo mwaka uliofuata, tumezoea kupima uzito wa riwaya kwa maiti iliyo katika sura ya mwisho. Rosa anajiua, Kazimoto anajiua, Tumaini ananyongwa. Ni riwaya kubwa na sina neno nazo. Neno langu ni kwa walimu na wahakiki waliotoka hapo wakadhani kwamba kifo cha mwishoni ndicho kilichozifanya kubwa.

Mimi naona mama wa Kimuka ameuliza swali zuri ila amelielekeza mahali pasipofaa. Ameuliza kitabu kinaishaje. Angeuliza msiba umewekwa wapi. Kuna riwaya zinazoupandia msiba kama mlima: kila sura inakupeleka juu kidogo, na ukifika kileleni unasukumwa. Kuna nyingine zinazoanza msiba ukiwa umekwisha kupita, majivu bado yana joto, na kazi yote ya kitabu ni kutuonyesha mtu anavyoishi baada yake. Za aina ya kwanza ndizo zinazomkosesha usingizi msomaji huyu. Za aina ya pili zina huzuni ileile, pengine zaidi, lakini zinampa nafasi ya kukaa nayo mpaka ipungue.

Mfano ulio karibu nasi ni Chozi la Heri ya Assumpta Matei, ambayo watoto wetu wengi waliisoma kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne kabla ya Nguu za Jadi ya Clara Momanyi kuchukua nafasi yake. Wengi waliisoma wakiwinda mbinu za lugha na methali, wakaikosa hadithi. Hebu tuifuate tena bila mtihani.

Riwaya inafunguka Ridhaa, daktari, akiwa amesimama kwenye magofu ya nyumba yake. Uchaguzi umezua vita, na jirani ambaye walikuwa wakiaminiana amewaongoza waliokuja kuichoma nyumba. Ndani yake walikuwamo mkewe, watoto wake, mkazamwana na mjukuu. Yeye mwenyewe hakuwapo. Hayo yote tunayajua kabla hatujazoea majina ya watu, kwa hiyo hatushtukizwi. Tunapewa mtu ambaye tayari amepoteza kila kitu, tunaulizwa tu kama tuna moyo wa kumfuata. Mwana mmoja amebaki, Mwangeka, kwa sababu alikuwa mbali nchi za nje kwenye kikosi cha kulinda amani. Anarudi nyumbani kwa baba anayemtazama kwa furaha na maumivu kwa wakati mmoja, naye anabeba hatia ya aliyesalimika: aliyekwenda kuwalinda watu wa mbali huku mkewe na bintiye wakiteketea kwao.

Kuanzia hapo Matei anafanya jambo linalohitaji subira. Hamponyi Mwangeka kwa haraka. Anamwacha na ukimya wake, na anapomkutanisha na Apondi, anamkutanisha na mjane mwenye mtoto, mtu ambaye naye ana kaburi lake moyoni. Ndoa yao haifuti waliokufa. Kila mmoja anaingia akijua kwamba mwenzake ana mtu mwingine wa kumkumbuka, na hiyo ndiyo inayowafaa wote wawili. Kisha wanamchukua Umu, binti aliyefiwa na baba, akakimbiwa na mama, na ambaye wadogo zake wawili, Dick na Mwaliko, wameibwa na mfanyakazi wa nyumbani. Msomaji akifika hapo anaona ramani ya kitabu: kila aliyepotewa anaingia katika nyumba ya aliyepotewa. Familia iliyoungua inasimama tena kwa vipande vya familia nyingine zilizovunjika, bila kufanana na ile ya kwanza.

Mwishoni ndugu hao watatu wanakutana. Nakiri kwa ajili ya mwalimu wetu kwamba Matei anaegemea bahati kupita kiasi. Umu anakutana na Dick kwenye uwanja wa ndege, bila miadi, kana kwamba nchi nzima haina mahali pengine pa watu kupita. Mwaliko naye anapatikana kwa namna inayokaribiana na hiyo. Nilipoisoma mara ya kwanza niliguna. Lakini tazama kinachorudi na kisichorudi. Wadogo zake Umu wanarudi, wakiwa wamepitia mikono ya wengine na kubadilika; Dick amekwisha kutumiwa kusafirisha dawa za kulevya. Mke wa Ridhaa harudi. Bintiye Mwangeka harudi. Mwandishi amelipa deni pale linapolipika, mahali pengine ameliacha wazi. Hapo ndipo ninapoutofautisha mwisho mwema na mwisho wa bandia: ule wa bandia humrudishia mhusika kila kitu, mpaka ukajiuliza alilia nini.

Mama wa Kimuka lazima aonywe, hata hivyo, maana itakuwa vibaya kumpa kitabu hiki na kumwambia kwamba ni cha faraja tu. Mna ubakaji, unaotendwa baba akiangalia, mna ukeketaji, mna watoto wanaouzwa. Sura ambayo baba huyo, Kaizari, anasimulia yaliyowapata mke na mabinti zake ni ngumu kuliko moto wa mwanzo, nayo haimo mwishoni wala haikujificha. Mwisho mwema haumkingi msomaji na katikati ya kitabu. Ni vivyo hivyo kwa Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, inayoishia kwa dhalimu kuanguka na wanyonge kupata haki yao, lakini njiani kitoto kichanga kinakufa kwa uzembe wa hospitali. Anayempa mwenzake kitabu aseme na hayo.

Kuna pingamizi jingine ambalo mwalimu wetu alilitaja, kwamba hadithi za mwisho mwema ni urithi wa ngano za watoto. Nilimjibu kwa Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ya mwaka 1952. Ni kitabu chembamba, nacho kina kitendo kimoja ambacho sijaona cha kukishinda kwa uchungu. Ikibali, mjumbe wa mfalme Rai, amelala ugenini kwa gavana Adili. Usiku anamwona mwenyeji wake, mtu mpole anayesifiwa na kila raia, akiwachapa manyani wawili viboko vikali. Akimaliza anawakumbatia, analia nao na kuwalisha kwa mkono wake. Manyani hao ni kaka zake, Hasidi na Mwivu. Walimtupa baharini kwa wivu, jini aliyemwokoa akawageuza na kumwamuru Adili awachape kila usiku. Anawapenda na hana ruhusa ya kuacha.

Kisa hicho Shaaban Robert hakukibuni peke yake. Mzizi wake ni kisa cha Abdallah bin Fadhil katika Alfu Lela Ulela, ambamo ndugu ni mbwa badala ya manyani, na anayetuma mjumbe ni Harun Rashid. Kule, mfalme anawaombea msamaha, ndugu wanarudishiwa sura ya binadamu, na haupiti muda wanapanga tena kumuua ndugu yao. Mwandishi wetu alikuwa na mwisho huo mchungu mkononi, tayari umeandikwa. Akaukata. Kwake, msamaha unaombwa, unatolewa, na unashika. Kwa hiyo mwisho mwema hapa ni uamuzi wa mtu aliyeuona mwisho mwingine na kuukataa, na mwalimu hawezi tena kumwita mtoto.

Kwa wale wasiotaka furaha iliyonyooka sana, nawataja Yasmin na Denge wa Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi ya 1999. Msomaji anamtakia Yasmin ampate Denge, mpigania uhuru wa Zanzibar, naye hampati. Anapata maisha mengine, na mume mwingine, Bukheti, anayemfaa kwa namna ambayo kurasa za mwanzo hazikutuandaa kuithamini. Wapo watakaouita mwisho wa huzuni. Mimi nauita mwisho wa mtu mzima.

Sasa, namna ya kuchagua. Kusoma ukurasa wa mwisho dukani hakusaidii, kwa kuwa Ridhaa na wenzake ukiwakuta mwishoni hujui wametoka wapi. Soma sura ya kwanza na uulize kama kuna mtu aliyekwisha kupoteza. Kama wote wana afya, wana mapenzi na wana mipango mikubwa, shika roho. Au tafuta ule mwongozo wa wanafunzi, unaodharauliwa na wasomi, ambao hutoa muhtasari wa kila sura. Kwa msomaji anayetaka kujua hatari ziko wapi kabla hajaingia, hakuna kifaa bora. Kwa kuwa Chozi la Heri imekwisha kutoka kwenye mtihani, nakala zilizosomwa zimejaa majumbani. Mama wa Kimuka aanze kwa kuwauliza wanawe kabla hajapanda kwenda Ngong au kuvuka kaunti mpaka Kitengela kutafuta mpya.

Ningemshauri aanze na Adili, ambacho atakimaliza kwa usiku mmoja au miwili. Kisha asome Siku Njema ya Walibora, ya 1996, ambamo kijana wa Tanga anafiwa na mama mapema na kusafiri kwa taabu hadi upande wa Kapenguria kumtafuta baba asiyemjua, wala haendi bure. Chozi la Heri aiweke ya tatu. Sura ya kwanza aisome mchana, watu wakiwapo nyumbani. Masimulizi ya Kaizari akiona yanamlemea, ayaruke aende moja kwa moja kwa Umu. Uzi wa hadithi hautamkatikia, na Kaizari anaweza kurudiwa siku nyingine.