Ngazi za Nyumbani Nazo ni Njia ya Kazini

Mwandishi wa makala iliyopita anadai kwamba anayeumia nyumbani kwake asimdai mtu fidia, hata kama alikuwa kazini. Angetazama kwanza hukumu ya Mahakama ya Shirikisho ya Masuala ya Jamii ya Ujerumani, Desemba 8, 2021. Mfanyakazi alitoka kitandani, akashuka ngazi za mzunguko kwenda kwenye chumba chake cha kazi, akateleza na kuvunjika pingili ya mgongo. Bima ilikataa kulipa. Mahakama ikaamua ni ajali ya kazini, kwa kuwa alikuwa akienda moja kwa moja kuanza kazi, bila hata kupitia kifungua kinywa.

Mwandishi anahofia kila anayeanguka nyumbani atalipwa. Mbona mwaka 2016 mahakama hiyohiyo ilimnyima fidia mwanamke aliyeteleza ngazini akienda jikoni kuchukua maji? Kilichopimwa ni dhamira ya safari. Ajabu ni kwamba angekuwa ofisini, safari hiyo ya maji ingelindwa. Pengo hilo liliwaudhi wengi, na kwa haki. Juni 2021 sheria ikabadilishwa: anayefanya kazi nyumbani analindwa sawa na aliye ofisini.