Kichwa Kifuate Jibu

Maelezo ya podikasti nyingi za huku kwetu, Diani hadi Msambweni, hayamsaidii mtu. 00:00 Utangulizi. 05:00 Mazungumzo. 35:00 Hitimisho. Jamani, nani asiyejua kwamba kipindi kina mwanzo na mwisho? Mtu wa Makongeni mwenye bando ya shilingi ishirini anataka kujua asikilize wapi.

Chukua mahojiano ya mama mmoja Mmakonde niliyopewa niyaandikie maelezo. Wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Mwaka 2016 Wamakonde walitembea kutoka Kwale hadi Nairobi kudai vitambulisho, na 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Mtangazaji alikuwa na maswali matatu makubwa, na mhariri akataka hayo ndiyo yawe vichwa. Nikakataa. Manake ukiisoma nakala, unaona mama aliulizwa habari za ile safari, akajibu kwa sentensi mbili, kisha akaeleza kwa dakika tisa jinsi alivyoshindwa kusajili laini ya simu kwa jina lake. Kichwa kifuate jibu. Ila muda uwekwe pale swali linapoanza, la sivyo msikilizaji anaangukia katikati ya maneno.

Halafu kuna huu muda wenyewe. Nakala ilichapwa kutoka rekodi mbichi. Kipindi kilichotoka kimeongezwa muziki na salamu 1:25 mwanzoni, na kuanzia 20:00 ya rekodi zimekatwa dakika 3 za mvua juu ya mabati. Basi swali lililokuwa 12:40 sasa liko 14:05, na la 31:10 liko 29:35. Ukinakili muda wa rekodi mbichi, vichwa vya mwanzo vitamwita msikilizaji kabla ya mada, na vya mwisho vitamfikisha mada imeshapita. Gusa kimoja cha kabla ya mkato na kimoja cha baada yake, utajua.

```
00:00 Kuzaliwa Kwale bila kitambulisho
14:05 Laini ya simu kwa jina la jirani
29:35 Kitambulisho kimekuja, shamba je?
```

Kwenye Yutubu orodha isipoanza na 00:00, au ikiwa na vichwa chini ya vitatu, vipande havitokei kabisa.

Ugomvi mkubwa ulikuwa ule mstari mmoja chini ya kichwa. Mhariri aliandika: "Tunajadili changamoto za utambulisho." Huo unafaa kipindi chochote duniani. Mimi niliandika: "Anaeleza kwa nini pesa zake zilipitia simu ya jirani, na siku jirani alipohama nazo." Ati nimefichua mno, watu watasoma wasisikilize! Mbona magazeti yanaweka matokeo ya mechi ukurasa wa kwanza na watu bado wananunua? Anayetaka kujua jirani alihamia wapi atafungua 14:05. Wa kwake mhariri hauna hata jirani.