Tahadhari: ada ya dola 3 inayokula akiba ndogo

Ndugu unayeishi Marekani, ukitumiwa kiungo cha kujiunga na programu ya kuwekeza chenji, usikibonyeze kabla ya kuangalia ada. Wala usimpelekee mwenzako kwa sababu tu umeahidiwa zawadi ya dola chache.

Chukua Acorns, ambayo ni maarufu. Ukinunua kahawa ya dola 3.40, inahesabu ununuzi huo kama dola 4 na senti 60 zinakwenda kuwekezwa. Kwa miaka ya karibuni kifurushi chake cha chini kimegharimu dola 3 kwa mwezi. Hiyo ni ada isiyobadilika: mwenye dola 50 na mwenye dola 5,000 wanalipa sawa.

Tuseme chenji zako zinafika dola 20 kwa mwezi. Baada ya mwaka umeweka dola 240 na umelipa ada ya dola 36. Lakini fedha hizo hazikuingia zote siku ya kwanza. Kwa wastani ulikuwa na dola 130 tu zilizowekezwa, kwa hiyo ada imekula zaidi ya robo ya wastani huo. Soko likipanda asilimia 8, ambao ni mwaka mzuri, utapata faida ya kama dola 10. Umepoteza dola 26 katika mwaka wa neema! Kwa asilimia hiyohiyo, unahitaji dola 450 zilizokaa mwaka mzima ili kurudisha ada peke yake. Kampuni inayotoza asilimia 0.25 kwa mwaka ingekukata senti 33 hivi kwa wastani wa dola 130.

Usidhani pia kwamba kompyuta imekuchunguza wewe kwa undani. Inakuuliza umri, kipato, lengo na utayari wako wa kuvumilia hasara, kisha inakuweka katika mojawapo ya makapu machache ya hisa na hati fungani yaliyokwisha kuandaliwa. Deni la kadi ya mkopo linalokutoza riba ya asilimia 20 kapu hilo haliliondoi, na kulilipa kwanza kungekufaa zaidi.

Hata tangazo la "bure" lisomwe kwa makini. Mwaka 2022 kampuni za uwekezaji za Schwab, zilizotangaza huduma yao kuwa haina ada ya ushauri, zilikubali kulipa dola milioni 187 baada ya SEC, mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani, kusema kwamba hazikuwaeleza wateja wazi jinsi sehemu ya fedha zao iliyoachwa kama taslimu ilivyopunguza mapato yao.

Ukiwa umeshajiunga na salio ni dogo, fungua taarifa zako leo, ujumlishe ada za miezi 12 na ulinganishe na faida. Ukiamua kuondoka, toa fedha kisha funga akaunti yenyewe. Kufuta programu kwenye simu hakusimamishi makato: ada inaweza kuendelea kuvutwa kutoka benki yako, na salio lisipotosha, benki inaweza kukutoza faini juu yake.