Serumu ya vitamini C iliyogeuka rangi ya chai si dawa tena, wauzaji waache kutuambia ni nguvu

Uvira. Leo ninataka kusema juu ya chupa ndogo inayouzwa sokoni, kwenye meza, kati ya sabuni na mafuta ya kupaka. Ni serumu ya vitamini C ya uso. Mama mmoja, mhami anayeishi kwa familia iliyomkaribisha, alinionyesha yake. Alikuwa ameinunua kwa sababu ya mabaka meusi yaliyobaki mashavuni. Tulipovuta maji yake kwa kile kitone cha mpira, yalikuwa na rangi ya chai. Tulirudi naye kwa muuzaji, naye akajibu bila haya: “Mama, hii njo yenyewe, vitamini C safi, asilimia 20. Rangi ni nguvu yake. Hizo zingine za bei ya chini ni bandia.”

Katika maneno yale mna jambo moja la kweli na mawili ya uongo. Yote matatu tuyaangalie, maana feza ya yule mama ilitoka kwenye kufua nguo za watu.

La kweli ni hili: vitamini C safi, yaani asidi askobiki, ndiyo iliyochunguzwa zaidi na ndiyo inayoingia vizuri kwenye ngozi. Mwaka 2001, mganga wa ngozi Sheldon Pinnell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waliipima kwenye ngozi ya nguruwe, ambayo inafanana na yetu. Walikuta kwamba inaingia pale serumu inapokuwa chachu sana, karibu kama maji ya marakuja, na kwamba kupita asilimia 20 hakuongezi kitu. Walipima pia magnesiamu askobili fosfeti, moja ya zile ambazo muuzaji anaziita bandia. Hiyo haikupandisha kiasi cha vitamini C ndani ya ngozi.

Basi muuzaji ameshinda? Hapana. Serumu waliyoipima ilikuwa bado nzima. Asidi askobiki ikishawekwa ndani ya maji haina uvumilivu. Hewa, mwanga na joto vinaiharibu. Kwanza maji yanakuwa meupe au manjano hafifu, halafu yanageuka rangi ya chungwa, mwishowe rangi ya chai. Rangi hiyo ni ya mabaki ya vitamini iliyokwisha kuvunjika. Hairudi nyuma, hata ukiitia chupa kwenye frigo. Mabaki hayo yanaweza pia kuacha rangi kwenye kucha na ngozi. Kwa hiyo uongo wa kwanza ni kusema kwamba rangi ni nguvu. Rangi ndiyo cheti cha kifo cha ile dawa.

Sasa jiulize chupa ile imepita wapi. Imekaa ndani ya katoni juu ya gari, imekaa bohari chini ya mabati, imekaa mezani kwenye jua la Uvira. Kisha inaingia nyumba isiyo na frigo, au yenye frigo isiyo na umeme. Wanaotuimbia kwamba vitamini C safi ni mfalme wanasema habari za nyumba baridi, chupa iliyofunguliwa juzi na kabati lenye giza. Kwa meza ya soko letu, huyo mfalme anafika akiwa maiti.

Uongo wa pili ni neno bandia. Askobili glukosidi ni vitamini C iliyofungwa pamoja na sukari ya glukosi. Magnesiamu askobili fosfeti imefungwa kwa fosfeti. Kile kifungo ndicho kinachoilinda isiharibiwe upesi na hewa na joto. Ikifika kwenye ngozi, vimeng'enya vya mwili vinakata kifungo na vitamini inatoka. Tena hazihitaji uchachu mkali, kwa hiyo haziwashi sana. Hilo si jambo dogo kwetu. Ngozi nyeusi ikiwashwa na kuchomwa, mara nyingi inajibu kwa baka jeusi jipya. Na aliyekwisha kuchubua uso wake kwa mafuta makali, akiweka asidi juu yake, anaongeza lile lile analolikimbia.

Lakini tusiwasamehe wauzaji wa aina hizo pia. Udhaifu wao ni kwamba kinachoingia ni kidogo, na kinachofunguliwa ni sehemu tu ya kilichoingia. Halafu kuna hesabu ya asilimia. Tuseme chupa ya mililita 30 ina askobili glukosidi asilimia 2. Hiyo ni karibu gramu 0.6. Karibu nusu ya uzito huo ni glukosi, si vitamini. Hata kama yote ingefunguliwa, ungepata gramu 0.3 hivi za vitamini C katika chupa nzima. Kuiuza kwa kusema “ni sawa na ile ya asilimia 20” ni wizi wa mchana.

Inasaidia kiasi gani? Huko Japani, mwaka 1996, waganga walitangaza matokeo ya krimu yenye magnesiamu askobili fosfeti asilimia 10. Kwa watu 34 wenye mabaka, weusi ulipungua wazi kwa 19. Kwa watu 25 wenye ngozi isiyo na mabaka, ngozi iling'aa kwa 3 tu. Angalieni namba hizo vizuri. Krimu ile ilikuwa na dawa nyingi, na bado karibu nusu ya wenye mabaka hawakuona faida kubwa. Na anayekuahidi kwamba serumu hii itakubadilisha rangi ya mwili mzima anakuuzia upepo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: mahali penye joto, pasipo frigo, mwenye kutaka vitamini C ya uso achague iliyofungwa, kwa bei ndogo na matumaini madogo. Ile safi inunuliwe tu na anayeweza kuitunza gizani na kwenye ubaridi, katika chupa ndogo inayokwisha haraka.

Kabla ya kutoa feza, omba kikaratasi kisomwe. Tafuta jina lenye neno linaloanza na askobi. Likifuatana na neno asidi, mara nyingi ni ile safi. Likifuatana na glukosidi au fosfeti, ni iliyofungwa. Kama jina hilo liko mwisho kabisa wa orodha, baada ya manukato, humo mna kidogo sana. Kama ni ile safi, omba tone moja juu ya karatasi nyeupe, maana chupa ya kahawia inaficha rangi. Likiwa la chungwa au la chai, mrudishie. Muuzaji akikataa kufungua, weka feza yako mfukoni.

Nanyi wauzaji, ondoeni chupa hizo juani, na iliyogeuka rangi itupeni. Hasara hiyo ni yenu. Msiipeleke kwenye uso wa mama aliyekimbia vita na aliyefua siku nyingi ili apate bei yenu. Yeye kwa sasa ameacha serumu na amenunua kofia pana ya kujikinga jua, maana jua ndilo linalokoleza mabaka yale kila siku. Kofia haigeuki rangi ya chai.