Msiubane mrija unaotoa mapovu

Haya ni kwa sisi wa Arash tunaosindikiza wagonjwa wenye mrija wa kifuani uliounganishwa na chupa ya maji kutoka Hospitali ya Wasso kwenda Arusha. Chupa isimame wima, chini ya kifua, ncha ya mrija ikizama sentimita 2 majini. Maji ya mrijani yakipanda mgonjwa akivuta pumzi na kushuka akiitoa, njia iko wazi. Mapovu ni hewa inayotoka kifuani. Ukiubana mrija wakati huo, hewa hujaa ndani ikakandamiza pafu na hata moyo. Maji yakiacha kucheza, tazameni kwanza kama mrija umekunjika au mgonjwa ameulalia. Akianza kuhema kwa shida, damu ikizidi ghafla au mrija ukichomoka, mwiteni muuguzi papo hapo.